Kibao cha namba na sanduku la barua: tundu la skrubu ndilo lililonipa kazi

Kibao changu cha kwanza cha namba ya nyumba kilikuwa cha akriliki, chenye urefu wa milimita 300, nami nilikifunga kwenye nguzo ya geti kwa skrubu mbili zilizoachana milimita 260. Baada ya miezi michache nyufa nyembamba zilionekana, zote zikianzia kwenye matundu na kuelekea ukingoni. Nilidhani nimeuziwa akriliki hafifu, lakini nilipokifungua nikaona kosa ni langu: matundu yalikuwa na kipenyo sawa na skrubu, na vichwa vyake vya umbo la koni vilikuwa vinayatanua kama kabari.

Akriliki hutanuka takriban milimita 0.07 kwa kila mita, kwa kila nyuzi moja ya joto. Jua likikipandisha kibao kutoka nyuzi 15 hadi 60, umbali ule wa milimita 260 huongezeka kwa karibu milimita 0.8, na pasipo nafasi ya kusogea kinaweza kupasuka. Alumini hutanuka kama theluthi moja tu ya hapo. Ndiyo maana kibao cha pili nimekikata katika bati la alumini la milimita 3. Akriliki bado ingefaa kama ningetoboa matundu ya milimita 6 kwa skrubu za milimita 4, nikatumia vichwa bapa vyenye wosha za plastiki, na kuacha kukaza mara tu kibao kinapotulia.

Kabla ya kukata, nilibandika tarakimu za karatasi ukutani na kusimama hatua ishirini na tano mbali. Za milimita 60 zilinilazimu kukodoa macho. Za milimita 100 zilisomeka mara moja, nikazichagua hizo.

Skrubu ni za chuma cha pua, kwa kuwa za chuma cha kawaida huacha michirizi ya kutu ukutani. Plagi za skrubu nazo nimezizamisha ndani ya tofali lenyewe, kwa sababu plasta peke yake humeguka.

Sanduku la barua nimeliweka ukutani badala ya kwenye geti, ambalo hutikisika kila linapofungwa na kulegeza nati. Mdomo wake una upana wa milimita 330, ili bahasha ya C4, yenye milimita 229 kwa 324, iingie bila kukunjwa. Mvua ya kwanza ililowesha barua, na nilishuku kifuniko bure, kwani maji yalikuwa yanateremka ukutani na kupenya kwenye matundu ya skrubu za juu, nyuma ya sanduku. Nimeyaziba kwa silikoni isiyo na harufu ya siki, maana ile yenye harufu hiyo hutoa asidi inayokula metali na haishiki vizuri kwenye saruji. Pia nimeweka wosha nene nyuma, ili sanduku liachane na ukuta na maji yapite. Mvua mbili zimenyesha tangu hapo, na karatasi niliyoiacha ndani kwa majaribio bado ni kavu.