Vuta Ukiitika: Usiku wa Dagaa Mangapwani

Nilishuka kwenye daladala Mangapwani, kaskazini mwa mji wa Unguja, saa kumi na moja jioni, nikiwa na begi la mgongoni na jamaa mmoja tu ninayemfahamu. Ndiye aliyeniombea nafasi kwa nahodha. Ilikuwa siku za giza. Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wa dagaa hubaki nyumbani, maana taa zao hazina nguvu ya kushindana nao.

Tulitoka baada ya magharibi. Mashua ilibeba nyavu na watu kumi na wanane, pamoja na mimi, na kidau kidogo kikatangulia na taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa ni taa za betri. Tukakaa hapo saa nyingi tukingoja dagaa wakusanyike chini ya mwanga. Nilikuwa nimekuja kusikiliza nyimbo, na kumbe sehemu kubwa ya usiku ni kimya. Nilipokohoa, nahodha alinitazama tu, nikaelewa.

Kisha akanong'ona neno moja, na nyavu ikaanza kumwagwa kwa duara kukizunguka kidau cha taa. Juu ina maboya, chini ina risasi za kuizamisha na pete nyingi, na ndani ya pete hizo imepita kamba moja ndefu. Ukivuta ncha zote mbili za kamba hiyo, chini ya nyavu panafungwa kama mdomo wa mkoba. Kabla hapajafungwa, dagaa wana mlango mkubwa wa kutokea, na wakishtuka hukimbilia huko chini.

Hapo ndipo babu mmoja aliyesimama katikati alipofungua koo:

"Kamba haina mjomba!"

"Hee!"

"Haina shemeji!"

"Hee!"

Kundi moja lilikuwa na ncha ya omoni, mbele ya mashua, jingine na ncha ya tezini, kule nyuma. Hawakuonana vizuri, wala hakukuwa na wa kuwahesabia. Wimbo ndio uliowafunga pamoja. Upande mmoja ukitangulia, pete za upande huo hupanda mapema, nyavu inalala ubavu, na upande wa pili unabaki wazi.

Nilipewa nafasi ya tatu omoni, na nikaharibu mara moja. Babu alipoita, mimi nikavuta. Wenzangu walikuwa wanasogeza mikono mbele kushika upya, kwa hiyo nikaibeba kamba peke yangu. Ikanichuna kiganja. Walipoitika na kuvuta, mimi ndiyo kwanza napumua, na kijana wa nyuma yangu akanigonga mgongoni kwa kiwiko.

"Usivute nikiita, mwanangu," babu alisema bila kugeuka. "Nikiita, pumua. Vuta ukiitika."

Basi kazi yote iko kwenye ile "hee" fupi. Mstari wa kiongozi ni muda wa kupumua na kubadili mshiko, na yeye ndiye anayepima urefu wake. Nilianza kumsikiliza kwa sikio jingine. Kamba ilipokuwa nyepesi, aliita maneno mawili na kutukimbiza. Ilipokaza, alivuta sauti, akatia maneno zaidi, akatupa pumzi ndefu kabla ya mkupuo. Nilipozoea, akanigeukia mimi:

"Mgeni kavaa saa!"

"Hee!"

"Aulize ni saa ngapi!"

"Hee!"

Watu wakacheka, lakini mapigo hayakupotea hata moja. Nilikumbuka mwito wa "Harambee!" ambao wachukuzi na vibarua wa pwani walikuwa nao kabla Mzee Jomo Kenyatta hajaufanya mwito wa taifa mwaka 1963. Umejengwa vivyo hivyo: mmoja anarefusha, wengi wanakata.

Pete zilipofika juu, wimbo ukabadilika. Sasa tulikuwa tunaingiza nyavu yenyewe, pima kwa pima, mkono baada ya mkono, na kiitikio kikawa kirefu na laini, kwa sababu hakuna haja ya mkupuo. Ghafla babu akanyamaza, na mikono yote ikasimama. Nyavu ilikuwa imenasa kwenye msumari wa ubavuni. Hakuna aliyepiga kelele. Kijana mmoja akainama, akainasua kwa vidole, na babu akaendelea pale pale alipokatia.

Mwishoni dagaa walibaki wamejikusanya ubavuni mwa mashua, wakichemka kama mvua juu ya bati, wakachotwa kwa ndoo.

Alfajiri pwani kulikuwa na majiko tayari na maji ya chumvi yanayochemka, kina mama wakisubiri dagaa wa kuchemsha na kuanika. Nahodha na wanunuzi wakaanza kubishana bei ya ndoo. Nilimkuta babu kwenye kibanda cha chai, nikamsalimia shikamoo. Akaitikia kwa kichwa. Sauti ilikuwa imekwisha. Akamwonyesha mwenye kibanda vidole viwili, kisha akaninyooshea mimi: chai mbili, ya pili ya mgeni.