Karatasi Aliyoikata Mjomba

Juzi binti tunayefanya naye kazi alinipa karatasi aliyoiandaa kwa ajili ya kuonana na mkurugenzi, akaniomba niipitie. Ilianza kwa kusema kwamba msimamizi wake hamheshimu mtu yeyote. Nilipofika mstari huo nilimsikia Mjomba akikohoa, ingawa siku hizi anaishi shambani na Nairobi haji tena.

Yangu ilikuwa habari ya likizo, nilipokuwa karani wa ghala katika Eneo la Viwanda. Meneja wetu hakuwa akikataa likizo. Ukimpelekea fomu aliitia kwenye droo, ukimuuliza alikuambia ungoje mizigo ipungue, na kwa kuwa hapakuwa na saini ya kukubali wala ya kukataa, mwaka ulikwisha na faili lako likaonyesha kwamba hukuomba chochote. Mkurugenzi alipokubali kuniona Ijumaa, Alhamisi jioni nilipanda matatu hadi Jericho, kwa Mjomba, ambaye kabla ya kustaafu alikuwa mwakilishi wa wafanyakazi chamani.

Alivaa miwani, akachukua kalamu nyekundu, akasoma kwa sauti kurasa mbili za malalamiko nilizokuwa nimeandika. Kila alipomaliza sentensi aliniuliza swali lile lile: "Hili uliliona, au uliliwaza?" Meneja ananichukia: niliwaza. Akakata. Anawapendelea watu wa kwao: niliwaza, japo ghala zima liliwaza pamoja nami. Akakata. Nilimpa fomu mkononi, na karani mwenzangu akiwa pale: niliona. Hiyo akaiacha, kisha akataka tarehe, na nilipoanza kukisia akanituma nitafute kwenye simu ujumbe nilioutuma kumkumbusha meneja. Ujumbe ulikuwepo, na siku yake ilikuwapo. Kurasa mbili zilibaki mistari michache: tarehe ya kila fomu, tarehe ya kila ukumbusho, na jibu nililopewa.

Nilimwambia kwamba lalamiko lenyewe limekonda mno. Alinijibu kwamba mkurugenzi hana mamlaka juu ya moyo wa meneja, bali ana mamlaka juu ya droo yake. Kisha akanieleza sheria, kwa ule upole wake wa kuudhi. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinampa mfanyakazi likizo ya malipo kamili isiyopungua siku 21 za kazi kwa kila miezi 12 ya utumishi. Kifungu cha 46 kinasema kwamba kumlalamikia mwajiri si sababu ya haki ya kumfukuza mtu, isipokuwa lalamiko likionekana kuwa la kizembe na lisilo na msingi. "Ndiyo maana nakata," alisema. "Sentensi moja usiyoweza kuithibitisha itazitia shaka zile unazoweza."

Majina ya wenzangu pia aliyaondoa, kwa sababu sikuwa nimewaomba ruhusa. Akaniagiza nitaje mwenyewe jibu ambalo meneja angelitoa, yaani uhaba wa watu, na niweke mbele tarehe tatu ambazo ghala huwa na kazi chache, mkurugenzi achague.

Baada ya hapo alivua miwani, akakaa wima kama mkurugenzi, akaniuliza, "Haya, unataka nikufanyie nini?" Nilinyamaza. Shangazi alitoka jikoni na chai, akatutazama, akarudi. Nilichokitaka kweli ni meneja aitwe, agombezwe, nami niwe nje ya mlango nikisikia. Lakini hilo huwezi kulitamka mbele ya mtu unayemwamkia shikamoo. Mwishowe nilisema nataka kila fomu ijibiwe kwa maandishi ndani ya wiki moja. Mjomba akaliandika juu kabisa ya karatasi, akasema nianze na hilo, maana wakubwa husikiliza kwa makini dakika za mwanzo tu.

Mkutano wenyewe ulikuwa mfupi. Mkurugenzi aliuliza kama meneja anajua kwamba nimekuja, nikamwambia nilimwarifu asubuhi ile. Mjomba alikuwa amelisisitiza hilo pia, ili meneja asije akadai nimemvizia. Mkurugenzi aliuliza kuhusu wenzangu, nikasema mimi nazungumzia fomu zangu. Wiki iliyofuata ulibandikwa waraka kwamba ombi la likizo lijibiwe kwa maandishi ndani ya siku saba, nami nikapewa ya kwangu.

Meneja aliendelea kunisalimia vizuri. Ila baada ya likizo zamu za Jumamosi zilianza kuniangukia mimi mara kwa mara, kila mara kwa sababu iliyoeleweka kabisa: huyu ana msiba, yule yuko hospitali. Nilijaribu kuliandika jambo hilo. Kila mstari nilioweza kuuthibitisha ulimtetea yeye, na ule wa maana ulikuwa ndio Mjomba angeukata.