Nukuu ya mwanachama iliyokuwa haisomeki ukumbini

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilikuwa na slaidi yenye shuhuda tatu za wanachama. Waliokaa nyuma hawakuweza kuisoma, na chini yake paliandikwa "Mwanachama" tu. Nani aamini maneno yasiyo na mwenyewe?

Kila nilipokuza herufi, PowerPoint ilizipunguza tena. Chanzo kilikuwa mpangilio wa `Shrink text on overflow`. Nilibofya kisanduku kwa kitufe cha kulia, nikaingia `Format Shape`, `Text Options`, `Text Box`, nikachagua `Do not Autofit`. Sasa maneno yakizidi yanamwagika nje ya kisanduku, nami najua ni wakati wa kupunguza maneno.

Nilibakisha ushuhuda mmoja, wa mama muuza samaki. Alikuwa ameeleza mengi. Nikachukua sentensi moja inayotaja alichofanyia mkopo wake. Niliporuka maneno niliweka nukta tatu, na sikubadilisha neno lake hata moja. Kisha nikampigia simu, nikamsomea kipande hicho, akaridhia kitumike pamoja na jina lake.

Herufi za nukuu niliziweka pointi 40, zikianzia kushoto, na kila upande nikaacha sentimita 4 tupu. Nembo na picha ya mapambo niliziondoa, maana zilikuwa zinagombania macho. Chini, kwa pointi 20, nikaandika jina lake, kazi yake, soko analouzia na mwaka aliosema. Mstari huo usififizwe kwa kijivu hafifu; projekta nyingi huumeza kabisa.