Kupima tangazo la redio ambalo halina risiti ya mauzo

Sabuni ya unga huuzwa duka la mtaani kwa pakiti ndogo. Mwenye duka kainunua kwa jumla, na aliyemuuzia hajui kabisa mteja wa mwisho alisikia nini redioni. Kwa hiyo mwenye fedha akiniuliza kama tangazo lake limefanya kazi, daftari la mauzo halinisaidii, nalazimika kuhoji watu. Nitaeleza ninavyoipanga kazi hiyo kwa chapa mpya inayotangazwa wiki 6 kwenye redio za mkoani Mwanza. Tarakimu za matokeo ni za mfano, ili hesabu ionekane.

Nianze na njia ambayo siitumii, kwa sababu ndiyo ninayoletewa mara nyingi. Matangazo yakiisha, unahoji watu wa Mwanza, unawatenga waliokumbuka tangazo na wasiolikumbuka, kisha unawauliza wote kama wangenunua. Waliokumbuka wanasema ndiyo asilimia 45, wengine asilimia 20, na mtu anaandika kwenye ripoti kwamba tangazo limeleta pointi 25. Hapana. Anayeifulia sabuni hiyo nyumbani tayari ndiye anayetega sikio jina lake likitajwa. Na anayeshinda na redio kutwa nzima anajua chapa nyingi kuliko jirani yake, hata zile zisizotangazwa. Mimi nawagawa watu kwa mahali tangazo lilipoweza kufika, wala si kwa wanachosema wanakikumbuka.

Hapo ndipo Dodoma inapoingia kama mkoa wa kulinganisha. Geita na Shinyanga ziko karibu zaidi, lakini mawimbi ya redio hayajui mpaka wa mkoa. Redio za kitaifa nazo zinakaa kando mpaka kipimo kiishe, maana zingefika Dodoma na kuharibu ulinganisho. Nahoji watu 600 kila mkoa katika wiki mbili kabla ya tangazo la kwanza, kisha watu wengine 600 kila mkoa kuanzia siku inayofuata tangazo la mwisho. Sirudii watu walewale, kwa sababu dodoso la kwanza lenyewe limeshawafundisha jina.

Mhojaji akipiga simu hataji mteja wala sabuni: "Habari za mchana, mama. Tunauliza kuhusu vitu vinavyotumika nyumbani, haitazidi dakika 8." Akidokeza jina la chapa kwenye salamu, hojaji hiyo naitupa. Swali la kwanza ni la kukumbuka mwenyewe, bila kusomewa majina: "Ukiambiwa sabuni ya unga ya kufulia, ni majina gani yanakujia?" Anaandika majina yote kwa mpangilio yalivyotajwa. Hapa kuna mtego wa kwetu. Watu wengi huita sabuni yoyote ya unga Omo, kama wanavyoita dawa yoyote ya mswaki Colgate. Kwa hiyo jina la namna hiyo likitajwa, mhojaji huongeza: "Ni hiyo Omo yenyewe, au sabuni ya unga yoyote?" Bila swali hilo, chapa kongwe hupewa sifa isiyo yake na mpya huonekana imemezwa.

Baada ya hapo ndipo anasoma orodha ya majina sita, akibadilisha mpangilio kwa kila mhojiwa, na kuuliza lipi amewahi kulisikia. Moja kati ya hayo sita nimelibuni mwenyewe, tuseme Zafuli, na nimehakikisha halipo sokoni. Kuna watu watasema wanaifahamu Zafuli. Hawadanganyi kwa ubaya. Ni uungwana tu, hawataki kumvunja moyo anayeuliza. Zafuli ikipata asilimia 6 na chapa yetu ikapata 12 kabla hata ya tangazo la kwanza, najua kama nusu ya hiyo 12 ni uungwana.

Matokeo ya chapa yetu kwenye orodha hiyo tuseme ni haya: Mwanza imetoka asilimia 12 ikafika 31, Dodoma imetoka 11 ikafika 15. Mwanza imepanda pointi 19, lakini 4 kati yake zimepanda hata pale tangazo lisipofika, labda kwa sababu wauzaji wa jumla wamesambaza mzigo. Tangazo linabaki na pointi 15. Uungwana uko mikoa yote na awamu zote, kwa hiyo unajifuta wenyewe kwenye kutoa. Ukingo wa makosa naupata hivi:

```
1.96 × √[(0.12×0.88 + 0.31×0.69 + 0.11×0.89 + 0.15×0.85) / 600] = 0.059
```

Yaani pointi 15, na ukweli unaweza kuwa popote kati ya 9 na 21. Mteja akitaka kubana matumizi tuhoji 300 kila kundi, ukingo unapanda hadi kama 8.4. Nusu ya gharama ya simu imepungua, na ongezeko la pointi 7 ambalo tungeliona sasa halitofautiki na sifuri. Kwa ongezeko linalotarajiwa kuwa chini ya pointi 5, hata watu 600 hawatoshi, na namwambia hivyo kabla hajalipa.

Swali la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mhojaji anapiga tangazo lenyewe kwenye simu, jina la chapa likiwa limefunikwa kwa mlio, kisha anauliza: umewahi kulisikia, na ni la sabuni gani? Tuseme Mwanza watu 240 kati ya 600 wanasema wamelisikia. Wanaotaja jina sahihi ni 90, wanaotaja chapa kongwe ni 85, waliobaki hawajui. Tangazo limesikika, lakini karibu nusu ya waliothubutu kutaja jina wamemtangazia mshindani. Nikikutana na hesabu hiyo narudi kusikiliza tangazo na saa mkononi. Mara nyingi jina limetajwa mara moja tu, sekunde ya 27 kati ya 30, baada ya kichekesho ambacho ndicho watu walichobaki nacho. Dodoma nao nawapigia, kwani idadi ya wanaodai wamelisikia kule inanionyesha madai hewa ni kiasi gani.

Kinachoharibu kazi hii zaidi ni awamu ya pili kutofanana na ya kwanza. Awamu ya kwanza ikipigwa mchana na ya pili usiku ili kufidia muda, sampuli hujaa watu wengine kabisa, na ujuzi wa sabuni unabadilika kwa sababu anayefua nyumbani siye aliyepokea simu. Naweka idadi maalumu ya wanawake na wanaume, umri na mjini au kijijini, zilezile awamu zote mbili, na saa zilezile za kupiga. Kisha naiangalia chapa kongwe. Ikiwa ilijulikana na asilimia 95 na sasa 86, si kwamba watu wameisahau ndani ya wiki 6. Sampuli ndiyo iliyobadilika, na siipeleki ripoti kwa mteja mpaka nijue ni nani aliyeingia na nani aliyetoka.

Ripoti ikifika, zile pointi 15 nazigeuza kuwa watu. Kama eneo la matangazo lina watu wazima 400,000, hao ni 60,000 waliolijua jina kwa sababu ya tangazo, na bajeti ya redio ikigawanywa kwa 60,000 mteja anapata bei ya kumfahamisha mtu mmoja. Kwa ukingo wa makosa huenda ni watu 36,000 au 84,000, na bei zote mbili naziandika mstari uleule. Ni wangapi kati yao wamenunua, dodoso hili halina jibu, na safu ya mauzo kwenye jedwali naiacha tupu.