"Niko Njiani"

Ndugu zangu katika Dhamma,

Wiki hii kuna neno limenikaa kifuani. Tulipomaliza kuomba sila tano, ahadi zetu za mwenendo mwema, ndugu mmoja alicheka akasema, "Afadhali sisi walei. Bhante ana kanuni 227, sisi tano tu!" Hapohapo simu yake ikaita. "Niko njiani, nakaribia kufika," akajibu. Viatu vyake vilikuwa bado mlangoni mwa hekalu.

Tofauti zipo, sikatai. Sila ya tatu inatukataza sisi uzinzi. Mtawa ameacha tendo la ndoa kabisa, nasi tunamfuata siku takatifu ya Uposatha tu, tukichukua sila nane. Pombe imekatazwa kwa wote. Lakini sila ya nne ndiyo iliyoninyima usingizi.

Kwetu ni sentensi moja: najizuia na uongo. Kwa watawa uongo umepimwa uzito. Wakati wa njaa nchini Vaji, watawa wa kando ya mto Vagumuda walisifiana mbele ya walei kwamba wamefikia daraja za juu za kiroho, ili walishwe. Walikwenda kwa Budha wamenawiri, wenzao wamekonda. Ndipo ikawekwa kanuni: mtawa anayejidai daraja hizo huku akijua hana, utawa wake umekwisha. Uongo wa kawaida mtawa huuungama kwa mtawa mwenzake. Na kanuni hiyo nayo ina chanzo: Hathaka, mtawa wa ukoo wa Wasakya, aliyebishana na watu wa imani nyingine, akikubali jambo kisha akilikana, akiwapa miadi kisha akiwadanganya. Kumbe "niko njiani" ni ya zamani!

Kila nusu mwezi Patimokha, orodha ya kanuni za watawa, inaposomwa, msomaji huwauliza watawa mara tatu kila fungu: mko safi katika hili? Kimya ndiyo jibu la ndiyo. Anayekumbuka kosa lake akanyamaza, ameongeza uongo mwingine.

Sisi anatuuliza nani? Mlei hafukuzwi wala haitwi barazani. Akivunja sila, anaiomba upya. Ni huruma kubwa, nasi tumeifanya kichaka cha kujifichia. Wewe mwenye duka unayemwambia mteja "mzigo unaingia kesho", jipime kama walimu wetu walivyofundisha: jambo si kweli, ulinuia kupotosha, ukatamka, naye akaelewa hivyo. Yakitimia yote manne, sila imevunjika, hata kama faida ilikuwa shilingi mia tano. Kama uliamini kweli gari linakuja likakwama njiani, hapo hukudanganya. Tusiende kumsumbua Bhante atuhalalishie "uongo wa biashara".

Naomba mwezi mpevu ujao tufike nusu saa mapema, tukae wawiliwawili. Kabla ya kuomba sila, kila mmoja amuulize mwenzake kuhusu ulimi wake, mara tatu. Mimi nitakaa na yule ndugu wa simu, tumeshakubaliana.