Siku ya kusoma makaburi Mvumi

Saa 12 asubuhi naondoka Dodoma mjini kuelekea Mvumi, kusoma maandishi ya makaburi kwa ajili ya mchoro wa ukoo. Naondoka mapema kwa sababu jua likiwa bado chini mwanga wake hupita ubavuni mwa jiwe na kuacha kivuli ndani ya kila herufi. Kaburi la leo ni la zege, na maandishi yake yalichorwa kwa msumari saruji ikiwa mbichi.

Saa 2, baada ya kupata ruhusa ya wenye marehemu, nalisafisha kwa maji na brashi laini. Brashi ya waya hula saruji na kuondoka na herufi. Majina ya familia siyataji hapa, lakini maandishi yamekaa hivi: “Bibi”, jina la ubatizo, kisha “Mama” likifuatwa na jina la kifungua mimba, “Kuz. 1919, Kuf. 1974”, na chini kabisa, “Limejengwa na wanao na wajukuu zako”. Nanakili mstari kwa mstari bila kusahihisha chochote. Kaburi la huyo kifungua mimba liko pembeni, nalo linasema alizaliwa 1930. Mama wa miaka kumi na mmoja? Hapo ama mwaka mmoja si sahihi, ama neno “mama” limebeba zaidi ya uzazi.

Saa 5 jua limepanda, herufi zimefifia, nami nakwenda kwa mzee wa ukoo kumuuliza kuhusu huyo kifungua mimba.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Yule hakutoka tumboni mwake. Ni mtoto wa dada yake mkubwa. Dada alipofariki, mama mdogo akamlea, akaitwa kwa jina lake hadi kufa.”

Kuhusu 1919, anasema walioandika walijua tu kwamba bibi alizaliwa wakati wa Mtunya, ile njaa kuu ya Ugogo ya 1917 hadi 1920, wakachagua mwaka wa katikati. Tena kaburi lilijengewa miaka mingi baada ya mazishi, na wajukuu ndio waliosimamia fundi. Kwa hiyo jiwe ni ushahidi wa kile walichokumbuka wajukuu, na hilo mtafiti asilisahau hata maandishi yakiwa mazuri kiasi gani.

Saa 8 mchana, parokiani, kitabu cha ubatizo kinamtaja mama mwingine wa yule mwana. Kinaunga mkono maneno ya babu, ingawa tarehe yake ni ya kubatizwa, si ya kuzaliwa.

Saa 11 jioni najaza kadi ya bibi, nikitenganisha maneno ya jiwe, ya mzee na ya kitabu. Kwenye mchoro wa ukoo mwana anahamia chini ya dada mkubwa, na mstari wa nukta unamuunganisha na mama mdogo aliyemlea. Mwaka wa kuzaliwa bibi nauandika “kati ya 1917 na 1920”. “Wanao” wengine sijawachora bado, kwa kuwa nao wanaweza kuwa watoto wa dada. Kila mmoja atasubiri ukurasa wake wa ubatizo.