Dakika moja na nusu ya Jangwani

Aprili 2018, mafuriko ya masika yalipolikumba Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, mwandishi wetu alirudi kutoka Jangwani saa kumi jioni, viatu mkononi. Kadi ya kamera ilikuwa na dakika 38 za picha. Taarifa ya habari ilikuwa saa mbili usiku, na nafasi yetu ilikuwa dakika 1 na sekunde 30.

Mimi ndiye niliyekuwa mhariri wa video, na picha sikuzigusa kwanza. Nilipanga sauti tupu: simulizi ya mwandishi vipande vinne, katikati yake sauti tatu za waliohojiwa, mpaka ikasikika kama habari ya redio. Ukianza na picha nzuri, utajikuta unavuta maneno yazifuate.

Kazi ilikuwa kwa mama mmoja aliyeongea sekunde 41, nasi tulihitaji 14. Mwandishi alikuwa ametia alama maneno haya tu: "Hakuna aliyetusaidia." Lakini kabla ya hapo mama alikuwa amesema waliambiwa wahame, ila hawana pa kwenda.

"Dada, tukiitoa hiyo tumemgeuzia maneno," nilimwambia mwandishi.

Tukabakiza sentensi zote mbili, tukaondoa maelezo marefu ya vyombo yaliyokuwa katikati. Kila sehemu niliikata pale sauti yake iliposhuka. Ukikata sauti ikiwa bado juu, msikilizaji anabaki akingoja neno ambalo haliji.

Kwenye kiungo, pale vipande viwili vya maneno yake vilipokutana, kichwa cha mama kiliruka kutoka kushoto kwenda kulia. Nikafunika kwa picha ya mikono yake ikikamua shuka: iliingia sekunde moja kabla ya kiungo, ikatoka sekunde mbili baada yake. Macho yalidanganyika, masikio hayakudanganyika, kwa sababu honi ya basi ilikatika katikati. Bahati nzuri mpiga picha alikuwa amerekodi sekunde 20 za mazingira pale pale bila mtu kuongea. Nikazilaza chini ya kiungo, honi ikamezwa.

Simulizi nayo ilisema maji yaliingia majumbani usiku, wakati picha zote zilikuwa za mchana. Kubandika barabara yenye jua juu ya neno "usiku" ni kumfanya mtazamaji aache kusikiliza ili atafute kosa. Tulikuwa na picha ya ukuta wenye alama ya tope iliyofika dirishani, basi mwandishi akaandika upya: "Asubuhi, alama ya maji ilikuwa imefika dirishani." Kuirekodi kulichukua dakika tano.

Katika kuitazama mara ya mwisho, kitu kikapepesa. Mwendo wetu ni fremu 25 kwa sekunde, na kati ya picha mbili za kufunikia niliacha fremu mbili ambapo sura ya mama ilichungulia. Nilivuta picha ya kwanza ikafika kwenye ya pili, nikapunguza sekunde mbili za mwisho, tukaituma saa moja na dakika hamsini.